Jentamisini kwa dozi moja: hesabu ya figo na maswali ya sikio

Mzee alifika Jumatatu asubuhi akitokea Bahi, amefunikwa blanketi ilhali jua la Oktoba lilikuwa limeshakuwa kali. Umri miaka 68, homa, maumivu ya kiuno upande wa kulia, mkojo mchafu, presha imeshuka. Nyumbani alikuwa amemeza diklofenaki ya duka la dawa kwa siku nne, na maji alikuwa hanywi kwa sababu alikuwa akitapika. Wiki mbili nyuma alishachomwa seftriaksoni kwenye zahanati, ndiyo maana daktari wa zamu aliamua kumuanzishia jentamisini, antibiotiki nyingine ya sindano. Kwenye chati aliandika kama wengi tulivyofundishwa: miligramu 80 kila baada ya saa 8.

Mimi ni mfamasia wa wodini, na kazi yangu kwenye raundi ni kusimama karibu na chati. Kabla ya kugusa dozi niliomba vitu viwili, uzito na kreatinini. Uzito hakuna aliyekuwa ameupima, basi tukamshika mkono mimi na sista, tukampandisha kwenye mizani: kilo 50. Kreatinini ilirudi 106. Daktari akaitazama karatasi akasema, "Figo ziko sawa," kwa kuwa maabara ilikuwa imeiweka ndani ya kiwango cha kawaida.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli na kusafishwa na figo, na mzee aliyekonda ana misuli michache, kwa hiyo damu yake inaweza kuonyesha namba nzuri huku figo zimechoka. Unachotakiwa kujua ni figo zinasafisha damu kiasi gani kwa dakika, na fomula ya Cockcroft na Gault inakupa makadirio ya hilo kwa kalamu tu:

```
(140 - umri) x uzito (kg) x 1.23 / kreatinini (µmol/L)
(140 - 68) x 50 x 1.23 / 106 = 42 mL kwa dakika
```

Kwa mwanamke unaweka 1.04 badala ya 1.23. Mzee wetu alikuwa na 42, wakati kijana mwenye afya anakaribia 100 au zaidi. Tena hiyo 42 yenyewe inaaminika pale tu kreatinini inapokuwa imetulia. Kwa mtu aliyeingia leo na presha ya chini, huenda figo zake ziko chini zaidi ya hapo na namba bado haijapanda.

Sasa tuifuate dawa yenyewe mwilini. Jentamisini haivunjwi na ini, inatoka kwa mkojo vilevile ilivyoingia. Kwa figo nzima, nusu ya dawa hutoka katika saa 2 hadi 3. Kwa figo za mzee huyu nilikadiria saa 5. Angepewa miligramu 80 kila saa 8, dozi mpya ingeikuta ya zamani bado imekaa. Baada ya siku moja au mbili kiwango chake kingekuwa kinapanda mpaka karibu miligramu 9.5 kwa kila lita na kushuka mpaka karibu 3 tu, kisha kupanda tena. Kisingefika chini ya 1 wakati wowote, mchana wala usiku, na chini ya hiyo 1 ndiko tunakotaka dawa iwe imeshuka kabla ya dozi inayofuata.

Ukichukua jumla ileile ya siku, miligramu 240, ukaiweka yote kwa mkupuo mmoja, mambo yanageuka. Kiwango kinapanda mpaka karibu 19, halafu kinashuka: 9.5 baada ya saa 5, kama 4.8 baada ya saa 10, 2.4, 1.2, na baada ya saa 25 kiko 0.6. Bakteria wa mkojo wanauawa vizuri zaidi na kilele cha juu kuliko kiwango cha wastani kinachodumu, na hata dawa ikishuka wanabaki wamedumaa kwa saa kadhaa. Kwa hiyo muda ule wa dawa kuwa chini hatupotezi kitu.

Figo nazo zinafaidika, kwa sababu ya namna dawa inavyoingia kwenye seli zake. Fikiria ghala lenye wachukuzi wawili mlangoni. Lori likipita mara moja na magunia mia, wachukuzi watashusha machache wanayoweza, mengine yataendelea na safari. Lakini magunia yakiletwa moja moja kutwa kucha, yote yataishia ghalani. Seli za mirija ya figo zina milango ya aina hiyo, michache na inayojaa haraka. Kinachozijaza ni dawa kukaa mbele ya mlango saa zote, hata ikiwa kidogo.

Tukaandika upya: miligramu 240, yaani ampuli tatu za 80, ndani ya mililita 100 za maji ya chumvi, ipite kwa dakika 30 hadi 60. Ni karibu miligramu 5 kwa kila kilo. Dozi ya kwanza hatukuipunguza kwa ajili ya figo, na hili nalisema kwa mkazo kwa sababu naona likifanywa: mgonjwa ana maambukizi ya damu, mtu anaogopa figo, anampa ampuli moja. Huyo hatibiwi na wala halindwi. Figo dhaifu unazilinda kwa kuongeza muda kati ya dozi. Kwa uwezo wa 60 kwenda juu ni saa 24, kwa 40 hadi 59 ni saa 36, na chini ya 40 mimi hukubali dozi moja tu, kisha tunatafuta dawa nyingine. Mzee alichomwa Jumatatu saa 4 asubuhi, ya pili ikapangwa Jumanne saa 4 usiku. Nikamwomba sista aandike saa halisi dripu ilipoanza kuingia, kwa sababu saa 36 kwenye karatasi hugeuka 28 kirahisi zamu inapobadilishwa. Dripu za maji zikatangulia, diklofenaki tukaipiga marufuku, na furosemaidi tukaandika kwamba isitolewe bila kuuliza. Ampisilini au dawa nyingine ya jamii ya penisilini haichanganywi na jentamisini kwenye sindano moja, kwa kuwa inaiua nguvu.

Mpango huu si wa kila mtu. Watoto wachanga wana hesabu yao, wajawazito, waliojaa maji tumboni, walioungua sana na wenye maambukizi ya vali za moyo nao wana zao. Mgonjwa wa miasthenia, ugonjwa unaolegeza misuli, hapewi kabisa.

Pale ambapo maabara inapima kiwango cha jentamisini kwenye damu, pima. Pale isipowezekana, unabaki na kreatinini kila siku ya pili, au kila siku kwa mtu kama mzee huyu. Ikipanda kwa 26 ndani ya siku mbili, au ikifika mara moja na nusu ya ilivyokuwa, acha dawa. Usijifariji kwa mkojo kuwa mwingi. Figo zilizoumizwa na jentamisini mara nyingi huendelea kutoa mkojo wa kutosha, zinachoshindwa ni kusafisha. Madhara haya huja zaidi kuanzia siku ya tano hadi ya saba, na habari njema ni kwamba seli za figo huota tena, wengi hurudi walivyokuwa ndani ya wiki chache.

Sikio la ndani haliko hivyo. Seli zenye vinyweleo zikifa kwa binadamu hazioti tena. Na dozi moja kwa siku, pamoja na uzuri wake wote kwa figo, haijaonyesha wazi kwamba inaliokoa sikio. Hilo nililijifunza kwa uchungu miaka mingi nyuma, katika hospitali niliyokuwa nafanya kazi wakati huo. Dada mmoja wa miaka 31 alikaa kwenye jentamisini siku 12, kwa sababu hakuna aliyeandika tarehe ya kuisitisha, na mimi nilikuwa mmoja wa waliotia saini chati hiyo. Kreatinini yake ilikuwa safi tangu mwanzo hadi mwisho. Siku ya nane alisema akisimama anayumba. Tukamwambia ni udhaifu wa homa, atakula atapata nguvu. Akarudi baada ya wiki tatu ameshikwa mkono na mama yake. Akasema, "Mchana natembea, ila usiku nikienda chooni naanguka. Na nikiwa kwenye bodaboda, mabango yote yanarukaruka."

Kusikia alikuwa anasikia vizuri. Jentamisini huharibu zaidi sehemu ya sikio inayotunza mizani ya mwili kuliko ile ya kusikia, na inaharibu pande zote mbili kwa pamoja, ndiyo maana mgonjwa haoni dunia ikizunguka kama tunavyotarajia kwa kizunguzungu. Akiwa amelala kitandani hajui kitu. Mchana macho yanamsaidia, gizani hana cha kumshikilia. Na ile ya mabango kurukaruka ni macho kushindwa kutulia kichwa kinapotikisika. Hata usikivu unapoguswa, sauti nyembamba sana ndizo hutangulia kupotea, mazungumzo ya kawaida yanabaki, hivyo kumuuliza mgonjwa "unasikia vizuri?" hakutoshi. Uliza kama masikio yanavuma, na kama kuna kipimo cha usikivu, wapime sauti hizo nyembamba.

Tangu siku ile kila mgonjwa wa jentamisini anayeweza kukaa namfanyia jambo la dakika mbili. Namkalisha mbele ya kalenda ya ukutani, namtafutia maandishi madogo kabisa anayoweza kusoma, kisha namtikisa kichwa taratibu kushoto na kulia, kama mara mbili kwa sekunde, asome tena. Kupoteza mstari mmoja au miwili ni kawaida. Akilazimika kurudi kwenye maandishi makubwa kwa mistari mitatu au zaidi, nasimamisha dawa. Anayeweza kusimama, asimame juu ya godoro la sponji akafumba macho, mtu akiwa nyuma yake tayari kumdaka. Ni lazima uyafanye haya siku ya kwanza pia, la sivyo hutajua kama mzee alikuwa hasomi tangu zamani.

Mzee wa Bahi alisoma tarehe za kalenda siku ya kwanza kwa sauti ya chini. Jumatano kreatinini ilikuwa 88, maji yalikuwa yamefanya kazi yake. Alhamisi alfajiri majibu ya kuotesha mkojo yakaja, bakteria wakiwa wanauawa na dawa ya kumeza. Dozi ya tatu ya jentamisini ilikuwa iingie saa 4 asubuhi. Daktari akaipiga mstari kwenye chati, nami nikaandika pembeni: dozi mbili, imesitishwa.

Kabla hajaondoka nilimrudisha kwenye kalenda, nikamtikisa kichwa, akasoma mstari uleule. Nikaongea na binti yake mlangoni, kwa sababu dawa hii hubaki ndani ya sikio muda mrefu baada ya kutoka kwenye damu, na dalili zinaweza kuanza wiki kadhaa baadaye. Nikamwandikia kwenye karatasi mambo matatu ya kumtazamia baba yake: akipepesuka gizani, vitu vikimrukia machoni akitembea, au masikio yakivuma. Akaikunja, akaiweka ndani ya kadi ya kliniki, wakaenda kutafuta gari la Bahi.