Pizomita: bomba linalokuonyesha maji yamepanda hadi wapi chini ya shamba

Pizomita ni bomba jembamba linalosimikwa ardhini ili maji ya chini yapande ndani yake, nawe upime yamesimama wapi. Maji huingilia matundu ya mwisho wa bomba tu. Juu ya hapo pamezibwa. Ukiacha kuziba, mvua hutiririka kandokando ya bomba na unachopima ni maji ya juzi ya mvua.

Yangu iko Ruai, pembezoni mwa Nairobi, kwenye udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Nilichimba kwa keekee ya udongo shimo la upana wa sentimita 10, kina cha sentimita 150. Bomba la plastiki lina urefu wa sentimita 200, hivyo 50 zimebaki juu. Sentimita 30 za chini nilizikata nyufa kwa msumeno wa chuma, nikazifunga kitambaa. Nikamwaga mchanga wa chembe kubwa hadi ukafunika nyufa, kisha bentonaiti, ule udongo wa punjepunje unaovimba ukilowa, unene wa sentimita 30. Juu yake nikarudisha udongo nikiushindilia, nikaulundika kidogo shinani ili maji yakimbie. Kifuniko kina kitundu. Bila hewa, maji hayapandi sawasawa.

Kupima ni kila wiki, siku ileile. Napaka chaki kwenye futi ya chuma, naiteremsha polepole, naitoa na kusoma urefu kutoka alama iliyokuwa mdomoni mwa bomba hadi pale chaki ilipoanza kulowa. Katikati ya Aprili ilikuwa 94 kutoka mdomo wa bomba. Toa 50 zilizo juu ya ardhi: maji yako sentimita 44 chini ya mahindi. Kosa la kusahau kutoa ni la kawaida sana, kwa hiyo andika namba zote mbili daftarini. Mwezi Mei nilisoma 76, yaani 26 tu, na majani ya chini yalikuwa yameanza kugeuka manjano. Hapo ndipo nilipochimba mtaro.

Udongo huu unapitisha maji taratibu, basi usiamini kipimo cha siku za kwanza. Subiri hadi viwili mfululizo vikaribiane. Bomba jembamba hufuata mabadiliko upesi kuliko nene, kwa kuwa linahitaji maji kidogo kujaa. Ukishuku nyufa zimeziba, mimina maji ndani na uyaangalie. Yasiposhuka kabisa baada ya siku kadhaa ilhali bomba la jirani limeshuka, toa tope.

Ishara nyingine ya kuangalia ni kipimo kinachoruka saa ileile ya mvua kisha kuanguka kesho yake. Kiangazi udongo ulijitenga na bomba, na mvua imepita kwenye upenyo huo. Mimi nilichimbua pembeni nikaweka bentonaiti upya.

Bomba likiwa tupu Agosti, usiandike sifuri. Andika "kavu, zaidi ya 150".