Je, wajua kwa nini aya za vita zisomwe darasani?

“Mwalimu, ukiwaonyesha wanafunzi aya za vita, si unawafanyia kazi yao wachochezi wanaowavuta vijana kwenye makundi yenye silaha?”

Hapana, mradi wazisome pamoja na mistari inayozizunguka. Wengi hudhani inatosha kumwambia mwanafunzi kwamba dini ni amani. Lakini mistari ya vita imo katika Biblia na Qurani, na iko siku mtu atamtumia mwanafunzi huyo mstari mmoja kwenye simu. Hapo ataona walimu wake walimficha, na atamwamini yule aliyemfunulia.

Kwa kawaida mchochezi habuni aya, huikata. Ni kama kunukuu shahidi aliyesema “ndiyo, nilimpiga”, ukaacha swali aliloulizwa: “Alipokuvamia kwa panga, ulifanya nini?” Maneno ni yake kweli, ila kesi imegeuka.

Anza na Luka 19:27. Gawa karatasi zenye mstari huo tu, ambamo mtu anaagiza maadui waliomkataa waletwe wachinjwe mbele yake. Kila mwanafunzi aandike kimya: nani anasema, anamwambia nani, hao maadui ni nani? Asiyejua sura hiyo huenda akaandika kwamba Yesu anawaamuru wafuasi wake. Kisha wape sura kuanzia mstari wa 11. Luka anasema wazi kwamba huu ni mfano, na mwenye amri ni mfalme wa ndani ya hadithi.

Halafu leta Al-Baqara 2:191, “waueni popote mnapowakuta”, kwa maswali yale yale. Aya ya 190 inawataja wanaowapiga vita Waislamu na kukataza kuvuka mipaka. Aya ya 191 yenyewe inaendelea kuwataja waliowafukuza makwao. Aya ya 192 inazungumzia wakikoma.

Vitabu viwili ni lazima, la sivyo nusu ya darasa itajiona imeshtakiwa. Usimtake mwanafunzi yeyote aitetee dini yake, usionyeshe video za makundi yenye silaha, na wape sheikhe na padri wa hapo karatasi hizo mapema.

Kosa la kuchunga ni kuisafisha aya kupita kiasi. Hiyo ya 191 inahusu vita kweli, iache hivyo. Jua pia kwamba wapo wafasiri waliosema At-Tawba 9:5, inayoagiza washirikina wauawe, imefuta aya za upole, na mchochezi anaijua hoja hiyo. Mwanafunzi akiileta, msome naye aya ya 6, inayoagiza mshirikina akiomba hifadhi apewe, kisha afikishwe mahali pa salama.

Somo hili halimzuii kijana aliyevutwa na fedha au kisasi, maana huyo hakuingia kwa mlango wa aya. Kwa wengine, wiki chache baadaye wape mstari mgeni bila maelezo. Aliyeelewa ataomba ukurasa mzima kabla ya kutoa maoni.