Ukikopa mia badala ya sitini: swali la meli ya Nansio

Kwenye karatasi zangu za mazoezi ya muda, hapa Mwanza, kuna swali moja nalipenda sana. Nachora saa mbili za mishale, ya kwanza meli inaondoka Mwanza Kaskazini asubuhi, ya pili inafika Nansio mchana (saa nimetunga mwenyewe, sio ratiba), mtoto anasoma mishale, anaandika kwa mtindo wa saa 24, 0855 na 1205, alafu anatafuta safari imechukua muda gani.

Sasa wengi wanazipanga wima kama namba za kawaida, 1205 kutoa 0855, wanapata 350, wanaandika saa 3 dakika 50. Jibu ni saa 3 dakika 10. Kilichotokea ni kwamba 5 haitoi 55, mtoto akaenda kukopa kwenye masaa, ila badala ya kuja na dakika 60 amekuja na 100, na hiyo tofauti ya 40 ndo imeingia kwenye jibu. Inavyotakiwa, 12 inabaki 11, dakika 5 zinakuwa 65, 65 toa 55 ni 10, 11 toa 8 ni 3.

Ubaya wa hii 3:50 ni kwamba inafanana kabisa na jibu halali! Meli ingeondoka 0845 kosa lilelile lingetoa 3:60, hapo hata mtoto mwenyewe anashtuka. Kwahiyo shika hili ukitunga maswali: dakika za jibu sahihi zikiwa chini ya 20, kosa la kukopa mia linajificha, zikianzia 20 kwenda juu linajianika lenyewe, maana ukiongeza 40 unafika 60 au unapita. Mimi naanza na yale yanayojianika, watoto wakishazoea kushtuka ndo naleta ya kujificha.

Makosa mengine nayo yana alama zake kwenye swali hilohilo. Ukiona 4:10, amekopa vizuri ila 12 hajaipunguza. Ukiona 4:50 hajakopa kabisa, amegeuza akatoa 5 kwenye 55. Na 3:05 amechukua 60 akatoa 55, zile dakika 5 za mwanzo kazisahau. Ndo maana kuweka mkasi tu haitoshi jamani, kila mmoja hapo anahitaji kuelekezwa kitu tofauti.

Pembeni ya kila swali naacha mstari mtupu wa kuhakikishia, mtoto anaruka kutoka 0855 mpaka 0900 dakika 5, mpaka 1200 masaa 3, mpaka 1205 dakika 5 tena, anajumlisha, hamna kukopa popote. Safari ikivuka usiku wa manane, mfano 2250 mpaka 0415, naanza na huo mstari kwanza: dakika 70 mpaka 0000, alafu masaa 4 na dakika 15, jumla saa 5 dakika 25. Kutoa kwa wima nakuleta baadae, 0415 ikishaandikwa 2815.