Kwa nini "ao" ya Kijapani si buluu wala si kijani

Niliwahi kukabidhi tafsiri yenye "tofaa la buluu" ndani yake. Matini ya Kijapani ilisema *aoringo*, kamusi yangu ilikuwa imeandika "ao: buluu", nami nikaiamini. Mhariri alinirudishia ukurasa akiwa ametia mstari mwekundu chini ya maneno hayo. Tofaa lenyewe lilikuwa la kijani.

Tangu hapo, kabla ya kulipa neno la rangi tafsiri yoyote, nakusanya kwanza vitu ambavyo wenye lugha hulitumia kuvieleza. Nilipofanya hivyo kwa *ao*, nilipata *aozora*, anga la buluu. *Aoba*, majani machanga. *Aoshingo*, taa ya barabarani inayoruhusu magari kupita. Na *aoi kao*, uso wa mgonjwa au wa mtu aliyeshikwa na hofu. Buluu inafaa mahali pamoja tu. Majani na taa ni kijani, na ule uso Kiswahili hakiupi rangi kabisa: umesawijika.

Chanzo kinaonekana kwenye sarufi. Kijapani cha kale kilikuwa na vivumishi vinne tu vya rangi, vya weupe, weusi, wekundu na *aoi*. Hicho cha nne kilibeba buluu na kijani kwa pamoja. *Midori*, neno la kijani, ni nomino iliyokuja kujitenga baadaye, na mpaka leo huhitaji kiunganishi *no* kabla ya kitu kinachoelezwa.

Sasa tazama kwetu. Tunasema gari jeupe, gari jeusi, gari jekundu, na hapo vivumishi vya rangi vinavyopokea upatanisho vimekwisha. Zinazobaki hushikwa na "-a": gari la kijani, gari la buluu. Kijani imetoka kwenye jani, samawati kwenye neno la Kiarabu la mbingu, na buluu tumeikopa. Hata chanikiwiti, neno ninalolipenda sana, ni "jani bichi" kwa lahaja za kaskazini. Kwa hiyo Kiswahili kilijaza eneo hilo kwa majina ya vitu, jani upande huu na mbingu upande ule, na hakuna neno letu linaloyafunika yote mawili kama *ao*.

Hili halina maana kwamba Mjapani haoni tofauti ya anga na jani. Anaiona vizuri, na akitaka kuitaja anayo *midori*. Kinachotofautiana ni mahali neno linapoishia.

Ugumu hubaki pale matini inaposema *ao* bila kutaja kitu, kwa mfano "nguo yake ilikuwa *aoi*". Kwa nguo, Mjapani wa leo kwa kawaida anakusudia buluu, kwa hiyo naandika buluu. Matini ikiwa ya kale namuuliza mhariri, kwani Kiswahili kitanilazimisha kuchagua rangi ambayo mwandishi hakuichagua.