Adhabu na riba kwenye stetimenti ya kodi: usianze na namba ya chini

Msimu wa korosho unapolipa, maduka ya vifaa vya ujenzi ya Mtwara mjini na Masasi huuza mabati na saruji kwa kasi, na ritani za VAT za miezi hiyo huwa nono. Miezi michache baadaye baadhi ya wenye maduka hao wanashangaa stetimenti ya TRA ikionyesha adhabu na riba, ilhali kodi wanakumbuka waliilipa. Hapo maneno ya mtaani yanaanza, na mengi yanapotosha.

Dhana: Adhabu na riba ni kitu kimoja, na ukilipa kwa wakati hudaiwi chochote.

Hivi ni vitu viwili, na kila kimoja kina kosa lake. Riba inatokana na kodi iliyochelewa kulipwa. Adhabu tunayoizungumzia hapa inatokana na ritani iliyochelewa kuwasilishwa, hata kama kodi yenyewe ulishailipa. Ritani ya VAT ya Januari mwisho wake ni tarehe 20 Februari. Ukilipa tarehe 18 lakini ritani ukaiweka tarehe 3 Machi, riba hudaiwi, adhabu unadaiwa.

Jinsi adhabu hiyo inavyopigwa ndiyo sehemu ambayo watu wengi hawaijui. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inalinganisha namba mbili, kisha inatoza iliyo kubwa. Ya kwanza ni asilimia 2.5 ya kodi ya kipindi hicho, baada ya kutoa kiasi ambacho tayari kimelipwa. Ya pili ni kima cha chini kinachohesabiwa kwa pointi: 5 kwa mtu binafsi na 15 kwa kampuni. Hesabu hiyo ni ya kila mwezi wa kuchelewa, na sehemu ya mwezi huhesabiwa mwezi mzima. Sheria ilipotungwa, pointi moja ilikuwa shilingi 15,000, kwa hiyo kima cha chini cha kampuni kilikuwa shilingi 225,000 kwa mwezi. Thamani ya pointi hubadilishwa, kwa hiyo isome kwenye sheria ilivyorekebishwa hadi kipindi unachokikagua. Mifano ya hapa chini inatumia hiyo ya 2015.

Shika yale maneno "baada ya kutoa kiasi ambacho tayari kimelipwa". Ndiyo yanayofichua makosa mengi.

Dhana: Mfumo ni kompyuta, haukosei.

Kompyuta hujumlisha vizuri. Shida ni kile inachopewa. Tuchukue kampuni moja ya kufikirika yenye duka la jumla Masasi. VAT ya Januari ni shilingi 12,000,000. Kijana wa ofisini ametoa kontrol namba, lakini kwenye kipindi akachagua Desemba badala ya Januari. Pesa imelipwa benki tarehe 18 Februari. Ritani, kwa uzembe wao wenyewe, imewekwa tarehe 3 Machi.

Tarehe 20 Mei mwenye duka anafungua stetimenti. Mfumo unaona Januari haijalipwa hata senti, kwa hiyo adhabu ni asilimia 2.5 ya milioni 12, yaani shilingi 300,000, kwa kuwa ni kubwa kuliko 225,000. Riba nayo imetembea miezi mitatu. Sheria inasema riba hujumlishwa kila mwezi, maana yake riba ya mwezi uliopita inaingia kwenye kiasi kinachozaa riba ya mwezi unaofuata. Kwa wepesi wa hesabu tuseme kiwango ni asilimia 12 kwa mwaka, yaani 1 kwa mwezi (kiwango halisi hufuata kile cha Benki Kuu, na hubadilika). Mwezi wa kwanza ni 120,000, wa pili 121,200, wa tatu 122,412. Jumla ni shilingi 363,612.

Sasa tazama namba ya chini kabisa. Milioni 12 za Januari zinadaiwa, lakini milioni 12 za malipo zimo humo humo, zimekaa kwenye Desemba kama pesa ya ziada. Zinafutana. Salio linalobaki ni 300,000 na 363,612, yaani 663,612. Mwenye duka anaona laki sita na ushee, anajiambia "nilichelewa ritani, basi ndiyo hii", analipa. Kosa limejificha kwa sababu salio la jumla linaonekana la kawaida.

Ukisoma kipindi kwa kipindi, picha inageuka. Januari haina malipo hata moja, na Desemba ina malipo mara mbili. Malipo yakihamishiwa Januari, kodi iliyobaki ni sifuri, asilimia 2.5 ya sifuri ni sifuri, na adhabu inashuka hadi kima cha chini cha 225,000. Riba yote inaondoka. Deni halali ni shilingi 225,000, na 438,612 zilizobaki hazina msingi.

Kwa hiyo kwenye adhabu kuna kipimo chepesi. Kama ulilipa mapema, ukachelewesha ritani tu, adhabu ikakaribia asilimia 2.5 ya kodi nzima badala ya kima cha chini, malipo yako hayajafika kwenye kipindi chake. Yatafute kipindi cha jirani, au kwenye aina nyingine ya kodi, mfano kodi ya mishahara.

Dhana: Malipo yakishahamishwa, mambo yamekwisha.

Fungua stetimenti tena. Malipo yanaweza kuhamishwa yakaingizwa kwa tarehe ya siku ya kuhamisha, tuseme 2 Juni, badala ya 18 Februari. Hapo milioni 12 zitafutika lakini riba itabaki palepale, kwa kuwa mfumo unaona umelipa Juni. Tarehe inayotakiwa ni ile iliyo kwenye risiti ya benki, na barua yako iitaje waziwazi. Angalia pia kama adhabu imepigwa upya. Kupungua kwa kodi inayodaiwa hakukuhakikishii kwamba mistari iliyozaliwa nayo imesahihishwa.

Dhana: Ukiona riba usiyoielewa, andika barua ya kuomba msamaha.

Ushauri huu unatolewa sana, na kwa maoni yangu unawaumiza watu. Anayeomba msamaha wa riba anasema deni ni langu, naomba nisamehewe. Kwenye mfano wetu deni la riba halipo kabisa. Barua inayofaa ni ya kuomba masahihisho: taja namba ya mlipakodi, kontrol namba, tarehe na kiasi cha malipo, kipindi yalikoingia na kipindi yalikotakiwa kuingia. Ambatisha risiti ya benki, nakala ya ritani ya Januari, na ya Desemba pia, ili ofisa aone kwamba kodi ya Desemba ilishalipwa na pesa ile haikuwa ya huko. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Kwa mwenye duka wetu, zile 225,000 azilipe bila kusubiri majibu, maana ritani ilichelewa kweli.

Kama ubishi wako ni juu ya makadirio ya kodi yenyewe, hiyo ni njia nyingine. Pingamizi lina siku 30 tangu ulipopokea uamuzi, na kuendelea kubishania stetimenti dirishani hakusimamishi siku hizo kuhesabika.