Bei ya mwisho na bei iliyobeba mzigo

Ukifika mwaloni Kirumba na kuuliza dagaa wanauzwaje, utatajiwa bei iliyosikika mwisho. Anayetaka kujaza lori huuliza zaidi: mzigo mwingi umetoka kwa bei gani? Wanaonunua hisa wakiwa Mwanza kupitia madalali wao wanaweza kuliuliza soko swali hilohilo. Mchoro unaolijibu huitwa Volume Profile kwenye programu za chati. Mistari yake imelala ubavu, kila bei na mstari wake, na urefu wa mstari ni idadi ya hisa zilizouzwa kwa bei hiyo. Mstari mrefu kuliko yote ndio POC, kifupi cha Point of Control.

Tuchukue kampuni ya kufikirika ambayo hisa zake 50,000 zimeuzwa kwa wiki. Kwa shilingi 500 zimetoka 2,000, kwa 510 zimetoka 9,000, kwa 520 zimetoka 21,000, kwa 530 zimetoka 12,000, na kwa 540 zimetoka 6,000. Ijumaa soko limefunga kwa 540, na ndiyo bei itakayotangazwa. POC lakini iko 520.

Kuizunguka POC, kwa kawaida huwekwa ukanda wenye asilimia 70 ya ujazo wote, yaani hisa 35,000 hapa. Anza na zile 21,000, kisha ongeza bei jirani yenye ujazo mkubwa zaidi: 530 inatufikisha 33,000. Bado hazitoshi. Kati ya 510 na 540, iliyo nzito ni 510, nayo inatufikisha 42,000. Ukanda wetu basi ni 510 hadi 530, na bei ya kufunga imebaki nje yake. Hiyo haimaanishi kwamba bei itarudi. Inaonyesha tu kwamba hisa zilizouzwa kwa 540 ni chache.

Sasa pekua orodha ya miamala. Tuseme kati ya zile 21,000, hisa 15,000 ni muamala mmoja kati ya taasisi mbili zilizokwisha kupatana bei. Uondoe, na 520 inabaki na 6,000 tu. POC inahamia 530. Katika soko lenye miamala michache hili si jambo dogo. Mstari mrefu ulioletwa na wauzaji na wanunuzi mia, na ule ulioletwa na wawili, kwenye mchoro vinafanana kabisa, kwa hiyo idadi ya miamala lazima itazamwe pembeni.

Kwa vijana wanaofanya foreksi kwa simu, tahadhari ni kubwa zaidi. Sarafu hizo hazina soko moja linalojumlisha miamala yote, na mara nyingi kinachoitwa ujazo kwenye chati ni hesabu ya mara ambazo bei ya dalali imebadilika. Fungua jozi ileile ya sarafu, kwa kipindi kilekile, kwa madalali wawili: POC zinaweza kukaa mahali tofauti.