LRU si "ukurasa usiotumika sana"

Mara ya tatu mwezi huu nasikia LRU, yaani Least Recently Used, ikielezwa kuwa ni kanuni ya kompyuta ya kuondoa kwenye kumbukumbu "ukurasa usiotumika sana". Safari hii ni kijana wa steshenari nilikokwenda kutoa kopi. Anasoma kompyuta jioni, na kwenye daftari lake maneno hayo yamepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu.

Ufafanuzi wenyewe ni mfupi. Kumbukumbu ya programu hukatwa vipande vya ukubwa sawa, aghalabu kilobaiti 4 kila kimoja, viitwavyo kurasa. RAM nayo imegawanywa nafasi za ukubwa huo huo, yaani fremu. Ukurasa unaotakiwa ukikosekana kwenye RAM, mfumo endeshi huufuata kwenye diski. Fremu zikiwa zimejaa, mmoja uliomo lazima utoke. Utoke upi? LRU inajibu: ule ulioguswa zamani kuliko wote.

Zamani, si mara chache. Chukua fremu tatu, na programu inayogusa kurasa hivi:

```
A A A A A B C D
```

D inapofika, LRU inautoa A, ukurasa ulioguswa mara tano! Kanuni inayohesabu mara ingeutoa B au C, na hiyo ni kanuni nyingine kabisa, LFU, yaani Least Frequently Used. LRU haijui idadi. Inajua tu nani ameguswa mwisho na nani kabla yake.

Na ina sababu. Programu ikishika kazi fulani huzunguka kurasa zile zile kwa muda, kisha huhamia nyingine. Ukurasa unaweza kuguswa mara elfu programu inapofunguka, usiguswe tena hadi jioni. Kwa hesabu ya mara, ungeng'ang'ania fremu kama mstaafu asiyetaka kukabidhi ofisi. (Mifumo halisi haiandiki saa ya kila mguso, ni gharama mno. Prosesa huwasha biti moja ukurasa unapoguswa, mfumo huizima kila baada ya muda, na ukurasa ambao biti yake imebaki imezimwa ndio hutolewa. Ni LRU ya kukadiria.)

Sasa itazame ikishindwa, kwa fremu zile zile tatu:

```
A B C D A B C D
```

D ikiingia, A inatoka, na A ndiyo inayotakiwa mara moja baadaye. A ikirudi, B inatoka, na B ndiyo inayofuata. Kila mguso ni safari ya diski. Ongeza fremu moja tu, na baada ya safari nne za mwanzo hakuna tena. Ndiyo maana mashine haizoroti taratibu. Inakwenda vizuri, halafu inadondoka. Kusoma RAM huchukua kama nanosekunde 100, na diski ya kuzunguka kama milisekunde 10, mara laki moja zaidi. Kama RAM ingekuwa sekunde moja, diski ingekuwa zaidi ya saa 27.

Hali hiyo ya kila mguso kuwa safari ya diski ndiyo thrashingi. Kwa Kiingereza neno hilo ni pacha wa lile la kupura nafaka: mikono inapanda na kushuka, vumbi linatimka. Tofauti ni kwamba hapa yanapurwa mabua yaliyokwisha kutoa punje. Kwa hiyo siyo kila uzito wa kompyuta ni thrashingi. Prosesa ikiwa 100% kwa sababu unatengeneza video, hiyo ni kazi, punje zinatoka.

Mashine ya steshenari ile ina RAM ya gigabaiti 2. Kivinjari kilikuwa wazi, barua mbili za wateja, na PDF iliyoskaniwa ya kurasa mia na zaidi. Kishale cha mausi kilikuwa kikiruka. "Kaka, prosesa imechoka hii, nataka nibadilishe," akaniambia. Tukafungua Task Manager: diski 100%, CPU 9%. Prosesa haikuchoka, ilikuwa imekaa foleni ikisubiri kurasa.

Kosa la kijana la kuitazama prosesa badala ya kumbukumbu ni la heshima, maana mifumo ya zamani ililifanya pia. Mtafiti wa kompyuta Peter Denning aliliandika mwaka 1968: mfumo unaona prosesa haina kazi, unaruhusu programu nyingine iingie ili isikae bure, nayo inanyang'anya wenzake fremu, prosesa inazidi kukaa bure. Alichopendekeza ni kupima kila programu inazunguka kurasa ngapi kwa wakati ule, na fremu zikiwa hazizitoshi programu zote, moja isimamishwe kabisa. Kubadili kanuni ya kutoa kurasa husaidia kidogo tu pale fremu zenyewe zimepungua.

Tulifunga PDF, na baada ya dakika moja hivi kishale kikatulia. Basi mdogo wangu, hela ya prosesa nunulia RAM, na pale penye kalamu nyekundu kata "usiotumika sana", andika "ulioguswa zamani kuliko wote".